Shajara ya mahakama ya mfano: Rufaa ya simu ya Sinza na utambulisho wa Jaji

Jumamosi, kabla ya wiki ya kwanza

Faili la kesi limekamilika leo mchana. Lina kurasa 31, nimelichapa nakala sita, na kila timu itapata mbili. Wanafunzi ni 14, wote wa mwaka wa kwanza wa sheria hapa Dar es Salaam, na tutakaa kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili ambao feni zake mbili kati ya nne zinazunguka.

Wengi wao walikuja wakitarajia kuita mashahidi na kurusha maswali ya dodoso, kama walivyozoea kusoma kwenye magazeti kesi kubwa zinapoendelea. Nimewaambia mapema kwamba hii ni rufaa. Kesi imeshasikilizwa katika Mahakama ya Wilaya, mashahidi wameshaondoka, mshtakiwa ametiwa hatiani na yuko gerezani. Sisi tunaketi kama Mahakama Kuu, mbele ya Jaji mmoja, na tulicho nacho ni karatasi tu: mwenendo wa kesi, hukumu, na hati ya rufaa yenye sababu mbili.

Faili la kwanza niliandika vibaya na ilinibidi nilirudie. Niliweka tukio kwenye uchochoro wenye giza, shahidi hakumfahamu mtuhumiwa, na hakuna kilichokamatwa. Nikampa rafiki yangu wakili alisome. Akalirudisha baada ya dakika kumi akasema, "Ndugu yangu, hawa wa upande wa Jamhuri wewe umeshawanyonga kabla hawajasimama." Kweli. Kesi ya mafunzo lazima kila upande uwe na mahali pa kukanyaga. Nikaongeza taa, nikaongeza kwamba shahidi alikuwa akimwona kijana huyo mara kwa mara, nikaongeza na simu.

Wahusika nimewaita kwa kazi zao, si kwa majina ya watu, ili asitokee mwanafunzi mwenye jina la mshtakiwa akataniwa muhula mzima.

Jumanne, wiki ya kwanza

Leo nimewasimulia kesi, na hapa ndipo nilipokosea.

Nilianza hivi: "Mama lishe alikuwa anafunga biashara Sinza, saa 3:20 usiku, akavamiwa na dereva wa bodaboda na mwenzake." Binti mmoja wa timu ya mrufani akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umeshatoa hukumu." Nikanyamaza. Alikuwa sahihi. Kwamba mama alivamiwa, hakuna anayebisha. Kwamba aliyemvamia ni huyu dereva, ndiyo rufaa yenyewe. Nilikuwa nimelimeza swali ndani ya sentensi ya kwanza.

Tukakaa tukalitenganisha ubaoni, nusu moja yasiyobishaniwa, nusu nyingine yanayobishaniwa. Yasiyobishaniwa: mama lishe aliporwa mkoba wenye simu na shilingi 240,000; walikuwa vijana wawili kwenye pikipiki, mmoja ameshika panga; siku tisa baadaye polisi walimkamata dereva wa bodaboda wa kijiwe cha jirani akiwa na simu; alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, akahukumiwa miaka 30, ambayo ndiyo adhabu ya chini kabisa kwa kosa hilo. Yanayobishaniwa ni mawili tu. Je, mama lishe alimtambua kweli? Na je, simu iliyokamatwa ndiyo ile ile?

Wakauliza kwa nini miaka 30 haimo kwenye sababu za rufaa. Kwa sababu akishatiwa hatiani kwa kosa hilo, mkono wa mahakama umefungwa. Haiwezi kushuka chini ya hapo. Kwa hiyo vita yote iko kwenye hatia.

Alhamisi, wiki ya kwanza

Siku ya kusoma mamlaka, yaani maamuzi ya zamani ya mahakama za juu. Kwa utambuzi wa macho usiku, mwanafunzi wa sheria Tanzania hawezi kuikwepa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya mahakama hiyo kuanzishwa. Ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iridhike kuwa kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Kisha ikataja mambo ya kuangalia: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye hali gani, mchana au usiku na mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa akimfahamu kabla.

Hukumu yenyewe iko kwa Kiingereza, na sisi tunaendesha shauri kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Kuna neno pale linalofananisha ushahidi na chombo kisichovuja. Kijana mmoja akaandika "ushahidi usiopitisha maji". Tumebishana nusu saa nzima, na sikuona kama muda umepotea, maana kila aliyependekeza neno ilimbidi aeleze kwanza mahakama ilikuwa inataka nini. Tumeishia kwenye "ushahidi usioacha upenyo".

Baada ya hapo tukafungua faili kuitafuta ile orodha. Ukurasa wa 7, mama lishe anasema: "Niliwaona kwa dakika mbili hivi. Kulikuwa na taa ya kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara. Yule mwenye panga namfahamu kwa sura, huwa anapaki pale kijiweni." Ukurasa wa 9, akidodoswa: "Rangi ya shati sikumbuki. Mwanga ulikuwa wa kutosha." Ukurasa wa 14, muuza chipsi anasema taa yake ilikuwa inawaka, alisikia kelele, akaona pikipiki inaondoka, sura hakuziona.

Timu ya Jamhuri wakashangilia ile taa. Nikawaomba wasome tena taratibu. Taa ya aina gani? Inaangaza wapi? Ilikuwa mbele ya wale vijana au nyuma yao? Shahidi anasema mwanga ulitosha, lakini "kutosha" ni hitimisho lake mwenyewe. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba shahidi aeleze ukali wa mwanga wenyewe, ili mahakama ndiyo iseme kama ulitosha.

Ijumaa, wiki ya kwanza

Wanafunzi wamefanya jambo ambalo sikuwatuma. Jioni walizima taa za korido, wakaacha balbu moja mwishoni, wakapima hatua 12 na kumsimamisha mwenzao akiwa amevaa kofia. Wakahesabu dakika mbili kwa simu. Nilikuwepo. Dakika mbili ukiwa umesimama kimya ni ndefu mno. Kuna waliosema imefika kumbe ni sekunde 50. Na huyo mwenzao, mwanga ukiwa mgongoni mwake, uso ulikuwa kivuli kitupu. Alipogeuka, kila mtu akamtambua mara moja.

Walifurahi sana. Nami nilifurahi, lakini niliingiwa na wasiwasi kuhusu watakachokifanya na furaha hiyo.

Jumatatu, wiki ya pili

Jaji wetu amekuja kuonana nao kwa mara ya kwanza. Ni hakimu mkazi mstaafu. Hakuwahi kuwa Jaji, na alisisitiza niseme hivyo wazi, kwamba cheo cha Jaji amekivaa kwa ajili ya zoezi hili tu. Nilikuwa nimeandaa utambulisho wa ukurasa mzima: alisoma wapi, alifanya kazi vituo gani, miaka mingapi. Akaniomba karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe cha chai. "Waambie wananiitaje, nitafanya nini, na sitafanya nini. Mengine watayaona."

Kwa hiyo niliwaambia hivi. Ndani ya ukumbi anaitwa Mheshimiwa Jaji. Akiingia mnasimama, mnainamisha vichwa, mnasubiri aketi. Amesoma faili lote na hati za hoja za pande zote, kwa hiyo msimsimulie hadithi. Atawakatiza kwa maswali, na swali lake halina maana kwamba yuko upande wa pili. Hatawafundisha sheria katikati ya shauri. Hatawaokoa mkikwama.

Binti mmoja akasimama akasema, "Shikamoo Mama." Ukumbi ukatulia. Yule mama akaitikia, "Marahaba mwanangu," kwa sauti nzuri kabisa, kisha akasema, "Hiyo ni ya koridoni, na koridoni nitaipokea siku zote. Humu ndani tuanze upya." Binti akainamisha kichwa: "Ikupendeze, Mheshimiwa Jaji." Akamjibu, "Endelea, Wakili Msomi." Nilimwona yule binti akinyoosha mabega. Nadhani ndipo hao 14 walipoelewa kwamba kazi imeanza.

Majukumu mengine tuliyagawa haraka. Wanne ni mawakili wa mrufani, wanne Mawakili wa Serikali kwa upande wa mjibu rufani, na katika kila timu wawili wanasimama na wawili wanatafiti na kupitisha vikaratasi. Karani ni mmoja, anaita shauri na kutunza faili. Mtunza muda mmoja. Wanne waliobaki wanaandika mwenendo, kila mmoja kivyake, ili tulinganishe baadaye nani alisikia nini.

Mpangilio nao ni mfupi. Karani anaita shauri. Wakili kiongozi wa kila upande anajitambulisha na kumtambulisha mwenzake. Mrufani anaanza, dakika 15, mawakili wawili wakigawana sababu mbili za rufaa. Mjibu rufani, dakika 15. Mrufani anarudi kwa dakika 5, na katika hizo tano anajibu yaliyosemwa na Jamhuri tu. Hoja mpya haiingii, hata iwe tamu kiasi gani. Kila anayemaliza anasema "Naomba kuwasilisha", anakaa.

Kijana mmoja wa Jamhuri akauliza swali zuri: "Tukiona sababu ya kwanza ya rufaa ni ya kweli, tunaruhusiwa kukubali?" Jaji akalijibu mwenyewe. Wakili wa Serikali ni afisa wa mahakama, hatafuti ushindi kwa gharama yoyote, na katika mahakama halisi hutokea akasimama na kuunga mkono rufaa nzima. Kwa zoezi hili tumewaruhusu kukubali sababu moja, si zote mbili, vinginevyo tutarudi nyumbani kabla ya chai.

Jumatano, wiki ya pili

Mazoezi ya kwanza mbele ya Jaji, na wasiwasi wangu ukatimia.

Wakili wa kwanza wa mrufani alianza vizuri, akataja Waziri Amani, akafika kwenye mwanga. Kisha akasema: "Mheshimiwa Jaji, tulijaribu wenyewe kwa hatua 12, na mwanga ukiwa nyuma uso hauonekani." Jaji akainua kalamu. "Ukurasa wa ngapi?" Kijana akapekua. "Mheshimiwa, ni jaribio tulilofanya." "Nimekuelewa. Nauliza liko ukurasa wa ngapi wa mwenendo." Kimya. "Na hizo hatua 12, nani alizisema mahakamani?" Hakuna aliyezisema. Nilizisoma tena kurasa zote 31 jana usiku. Umbali haumo popote. Walikuwa wameupata kwa kukadiria upana wa barabara.

Hili linawapotosha wengi, kwa hiyo naliandika kwa kirefu. Rufaa ya kwanza ni kama kuisikiliza kesi upya; kanuni hiyo ilishikwa tangu Pandya dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1957 katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jaji ana wajibu wa kuupima ushahidi wote yeye mwenyewe na kufikia uamuzi wake, huku akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi wakizungumza. Lakini ushahidi anaoupima ni ule ulioko kwenye kumbukumbu. Wakili hawezi kuwa shahidi. Akileta jambo lisilokuwemo, anatoa ushahidi bila kiapo na bila kudodoswa.

Uchungu ni kwamba lile jaribio lilikuwa limewafundisha kitu sahihi, na kitu hicho kinaweza kusemwa vizuri bila kulitaja. Tulilisuka upya baada ya mapumziko, na likatoka hivi: "Mheshimiwa Jaji, ukurasa wa 7 shahidi anataja taa. Hasemi ni ya aina gani wala ilimulika upande upi. Umbali hautajwi ukurasa wowote. Mambo mawili kati ya yale ambayo Waziri Amani inataka yapimwe hayana cha kupimia, na pengo hilo ni la upande wa mashtaka, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha ni wao." Kijana yule yule akalisema. Jaji hakumkatiza. Udhaifu wa mrufani ukawa ndiyo nguvu yake: ukosefu wa ukurasa ndiyo hoja.

Jamhuri nao walibanwa kwenye kumtaja mtuhumiwa. Walisema mama lishe alimfahamu kijana kabla, kwa hiyo hakuhitaji mwanga mkubwa. Jaji akawapeleka ukurasa wa 19, ambako askari anasema: "Mlalamikaji alituambia ni vijana wa bodaboda." Basi. Hakumtaja, hakusema kijiwe kipi, hakueleza umbo. Mrufani walikuwa wamejiandaa na Marwa Wangiti Mwita, uamuzi wa Mahakama ya Rufani, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaonyesha kuwa anaaminika, na anayechelewa bila sababu anazua shaka. Jamhuri wakajibu kwamba jina hakulijua. Jaji akauliza kwa upole sana: "Kijiwe alikijua?"

Wakili wa Serikali alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Alikijua, Mheshimiwa Jaji." Nilipenda jibu hilo. Hakuzunguka.

Ijumaa, wiki ya pili

Sababu ya pili, ile ya simu. Kanuni ya umiliki wa karibuni wa mali iliyoibwa inasema, kwa kifupi, ukikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi baada ya wizi na huna maelezo ya kuridhisha, mahakama inaweza kuona wewe ndiye mwizi. Lakini mashtaka yathibitishe kwanza kwamba mali ilikutwa kwako, kwamba ni ya mlalamikaji bila utata, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka.

Ukurasa wa 22, mama lishe anaitambua simu kwa ufa kwenye kona ya kioo. Namba ya utambulisho wa simu haikutajwa, risiti haikuletwa. Dereva, ukurasa wa 27, anasema aliinunua kijiweni kwa abiria kwa shilingi 60,000. Siku tisa kwa simu, ni karibuni au si karibuni? Simu hubadili mikono haraka kuliko shamba au gari, na hapa timu zote mbili zina la kusema.

Jaji ametuachia swali ambalo hakuna timu iliyokuwa imelifikiria: "Utambuzi wa macho ukianguka na simu ikasimama, simu peke yake inabeba kosa lipi? Unyang'anyi wenye panga, au kupokea mali ya wizi?" Mrufani waliganda, maana kulijibu vizuri kunawalazimu kusema wanachoomba endapo watashinda nusu. Nimewaambia waje na ombi la msingi, rufaa ikubaliwe na hatia itenguliwe, na ombi mbadala nyuma yake. Wamelala nalo.

Jumamosi, wiki ya pili, siku ya shauri

Nilifika saa 1 asubuhi kupanga meza. Meza ya Jaji juu, karani chini yake akitazama ukumbi, mrufani mkono wa kushoto wa Jaji, Jamhuri wa kulia. Joho moja tuliloazima lilikuwa refu, limebanwa kwa pini.

Utambulisho wangu sasa una sentensi chache, na huu ndio niliousoma kabla hajaingia:

"Ndugu washiriki, Mahakama Kuu inaketi kusikiliza rufaa ya dereva wa bodaboda dhidi ya Jamhuri, kutoka Mahakama ya Wilaya. Mrufani alitiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na kuhukumiwa miaka 30. Sababu za rufaa ni mbili: kwamba hakutambuliwa ipasavyo, na kwamba simu iliyokamatwa haikuthibitishwa kuwa ya mlalamikaji. Kila upande una dakika 15, mrufani ana 5 za kujibu. Kila jambo litakalosemwa liwe na ukurasa wake."

Hakuna "aliyevamia" wala "mwizi". Yule binti wa timu ya mrufani alinitazama akatikisa kichwa kukubali.

Karani akaita, "Wote simameni." Mama akaingia kwa mwendo wa taratibu, akainama, akaketi, akafungua faili. Mawakili wakajitambulisha. Wakili kiongozi wa mrufani akasogea mbele, mikono imetulia, akasema, "Ikupendeze Mheshimiwa Jaji, naanza na sababu ya kwanza. Nakuomba twende pamoja ukurasa wa 7."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa ukumbi mzima.